Nusu Dakika ya Mishkaki

Baiskeli yangu ya kwanza niliinunua ikiwa haina breki, na aliyeniuzia hakunificha. Aliniambia breki ni mguu. Kwa hiyo nilikata kipande cha tairi la gari, nikakifunga chini ya kandambili ya kulia, na nilipotaka kusimama nilikandamiza gurudumu la mbele kwa mguu huo mpaka moshi utoke. Nilibeba ndizi. Mikungu mitatu, minne, nikiwa kijana hata mitano, kutoka mashambani kwenda sokoni, na kule kwetu Ngara barabara haijui kutulia: inapanda, inashuka, inapinda, inashuka tena.

Siku moja, kwenye mteremko wa Kanazi, kandambili ilikatika. Si ile ya breki, ile nyingine, lakini ukiwa na mguu mmoja mtupu akili yote inahamia huko, na mguu wa breki unasahau kazi. Nilipita watu waliokuwa wakitoka kanisani nikiwapigia kelele, maana kengele nayo haikuwepo. Nikaacha barabara, nikavunja ua wa matete wa mtu, nikaingia uani, nikasimama katikati ya mahindi yaliyoanikwa. Ndizi huku, mimi kule, kuku wote juu ya paa.

Mama mwenye nyumba akatoka. Nilingoja matusi, na nilistahili. Yeye akanitazama goti, akaniambia kaa, akaingia ndani, akarudi na kibuyu cha pombe ya ndizi chenye mrija ndani. Kabla ya kunipa akauweka mrija mdomoni mwake, akavuta funda moja, akameza nikimwona koo linavyoshuka, ndipo akanikabidhi. Sikushangaa. Kwetu ndivyo ilivyo. Anayetoa anaonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Usipoonja, mgeni atashika kibuyu, atakushukuru, atasema tumbo lake leo halipo sawa, na atakwenda kusimulia kijiji kizima.

Mama yule alinisaidia hata kuokota ndizi. Ua sikuurudishia, nilikuwa na haraka ya soko. Lakini hayo tuyaache, maana niliyaanza ili nifike kwenye kuonja, na kuonja ndiko kulikotupa taabu Nyakanazi mwaka juzi.

Nyakanazi wengi mmepita. Ni njia panda. Huku Biharamulo, huku Ngara na Rusumo, huku Kahama, huku Kibondo. Malori yanalala pale, na watu wake nao ni kama malori, hakuna anayeonekana amefika. Kila mtu yuko njiani. Mimi nilikwenda kumsalimia mtoto wa marehemu kaka yangu, mwanamke mtu mzima, mzaliwa wa Bukiriro, huko huko Ngara, kama sisi wote, aliyeachwa na mume akabaki na watoto, akafungua banda la mishkaki kando ya lami. Nilisema ninakaa siku chache. Nikakaa zaidi, kwa sababu nyama yake ilikuwa nzuri na hakuwa mtu wa kumfukuza mzee.

Nyama yake ninaijua, nisikilizeni. Mbuzi. Anakata vipande vidogo, vyote sawa, ili kimoja kisiungue kingine kikiwa kibichi. Anapondaponda tangawizi na kitunguu saumu, anakamua ndimu, anatia chumvi, hatii madude ya paketi. Anakoroga, anafunika, anaacha ilale. Kwenye kijiti anachoma nyama, nyama, kipande cha mafuta, nyama, nyama. Yale mafuta yakipata moto yanawashukia wenzake. Na moto wake ni makaa yaliyokwisha kuwa meupe juu, hakuna ulimi wa moto. Watu wengi wa barabarani wanaunguza nje ili waonekane wamepika.

Sasa, taabu. Basi moja linalotoka Ngara asubuhi lilikuwa likisimama mbele ya banda lake. Abiria wanashuka, wananyoosha miguu, wanakula, wanapanda. Banda lilikuwa linaishi kwa basi hilo. Malori ni ya jioni na madereva wake wengi wanajipikia. Halafu abiria mmoja akaharisha njiani, mpaka basi likasimama porini mara kwa mara, na wenzake wakaanza kuhesabu alichokula. Alikuwa amekula maembe aliyonunua kwa mtu mwingine, amekunywa maziwa, amekula mayai, amekula na mishkaki. Wakaona mishkaki ndiyo yenye hatia. Kuanzia hapo basi likawa linapita bila hata kupunguza mwendo, linakwenda kusimama mbele zaidi, kwenye hoteli ya kituo cha mafuta.

Mtoto wa kaka alikuwa akisimama na kipepeo cha makaa mkononi kulitazama linavyopita. Kila asubuhi. Vumbi linamwingia machoni na hageuzi uso.

"Baba mdogo," akaniambia, "hili banda halifiki mwisho wa masika."

Alimfuata msimamizi wa basi. Mwanamume mfupi, mnene, anayetembea kama amechelewa hata akiwa anakwenda chooni. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia: "Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Abiria wangu wanaogopa. Nikiwashusha kwako watanisema. Lakini basi lina runinga. Niletee kitu kifupi, waone mikono yako, waone jiko lako, kabla hatujafika njia panda. Nitaonyesha siku moja. Wakitaka kushuka, ninasimama siku zote. Wasipotaka, tusisumbuane tena."

"Kifupi kiasi gani?"

"Nusu dakika. Zaidi ya hapo wanarudi kwenye simu zao."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani. Nusu dakika, siku moja, na banda.

Mtoto wa kaka akamwita kijana anayepiga picha za harusi Biharamulo. Sisemi mtoto, alikuwa na mke na ndevu, lakini kwangu ni kijana. Alikuja na pikipiki, na simu kubwa, na kijiti cha miguu mitatu cha kuisimamishia, na taa ndogo kama sahani. Hakukaa. Alizunguka banda, akachungulia jiko, akatazama jua, akazunguka tena.

"Nani anaandika maneno?" akauliza.

Mtoto wa kaka akanyoosha kidole kwangu. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini maneno, hata wanaonichukia hawajawahi kusema nina upungufu wa maneno. Nikaomba karatasi. Nikaandika asubuhi nzima juu ya ndoo iliyogeuzwa, malori yakipita na kunipeperushia karatasi, nikikimbia kuifuata, nikirudi, nikikaa, nikiinuka. Nilianza na babu yetu aliyekuwa mfugaji. Kisha mbuzi wa Bukiriro anavyokula majani ya mlimani. Kisha kaka yangu, Mungu amrehemu, alivyokuwa akichinja. Nilikuwa nimeanza kufika kwa binti yake, ndipo mpiga picha akaniambia nisome.

Akabonyeza saa kwenye simu. Nikasoma. Nilipokuwa bado kwa babu akainua mkono.

"Babu, nusu dakika imeisha."

"Mbuzi hajachinjwa!"

"Basi limeshafika Kahama, babu, na mbuzi yuko mlimani."

Mtoto wa kaka alicheka mpaka akashika mti wa banda. Mimi nilikasirika kidogo, nikacheka baadaye.

Kijana akachuchumaa, akachora mraba kwenye vumbi kwa kijiti cha mishkaki, halafu mwingine, halafu mwingine, mistari ya vyumba vitupu. "Kila chumba ni picha moja," akasema. "Tupange kwanza macho yanaona nini. Maneno yatakuja kuziba mapengo tu. Mtu akiona kisu kinakata, usimwambie kisu kinakata."

Hilo lilinigusa. Nimesimulia maisha yangu yote kwa watu wasioona ninachokisema, ndiyo maana ninasema kila kitu.

"Basi chumba cha kwanza ni kunawa," nikasema. "Hata mgeni nyumbani anaanza kwa kunawa."

"Hapana. Ukianza na sabuni watadhani ni tangazo la sabuni, au la kipindupindu. Kwanza mafuta yadondoke kwenye makaa, chwaaa, mate yawatoke. Mtu akishatamani, ndipo anauliza, hii mikono ni ya nani? Hapo unamwonyesha ananawa. Ukimwonyesha kabla hajauliza hana haja nayo."

Tulibishana. Mtoto wa kaka alikuwa akigeuza vijiti huku anatusikiliza, na ndiye aliyetukata. "Aanze na mafuta," akasema. "Mimi mwenyewe nikipita kwa mtu ninasikia kwanza, ndipo ninatazama kucha zake."

Basi ikawa hivyo. Mafuta kwenye makaa. Mikono chini ya koki ya ndoo, povu, maji yanayotiririka, si beseni la watu wote. Nyama mbichi inatoka chini ya kawa, kwenye ubao wake na kisu chake. Vidole vinachoma kijiti, nyama, nyama, mafuta. Moto. Koleo linageuza. Kisu kingine, sahani nyingine, kipande kinapasuliwa na ndani yake kinaonekana kimeiva na kinatoa maji yake. Kachumbari. Mtu anauma. Banda kwa mbali, bati lake la buluu, ili anayeshuka kwenye basi ajue aende wapi.

"Na kuonja?" nikauliza.

"Kuonja nini?"

"Mpishi hajaonja."

Yeye si wa kwetu, kwao ni upande wa ziwa. Hakuona kitu pale. Lakini kila mtu wa Ngara aliyewahi kula kwa mtoto wa kaka anajua: akikukatia mishkaki, kipande cha kwanza anakitia mdomoni mwake mbele yako. Anatafuna, anameza, anasema, "Karibu." Ndipo unapokea. Mimi nikasema hicho ndicho kitakachorudisha basi. Watu wanaogopa sumu ya chakula. Dawa yake ni mpishi kula kwanza, ilikuwa hivyo kabla ya babu yangu. Mtoto wa kaka akaniunga mkono kabisa, kichwa juu chini. Kijana akachora chumba kimoja zaidi.

Tulipiga picha kesho yake asubuhi, maana alisema jua la mchana linaifanya nyama kuwa nyeusi kama viatu. Jua likiwa ubavuni, moshi unang'aa. Alinifukuza mahali pangu mara nyingi. "Babu, kivuli chako." Nahama. "Babu, fimbo yako iko kwenye picha." Nahama. "Babu, unakohoa kwenye sauti." Kikohozi hakihami, kinakuja na mimi.

Mtoto wa kaka alifunga kitambaa kichwani, akavaa aproni nyeupe aliyoazima kwa mama wa nyumba ya wageni. Kijana alikuwa amemnunulia na glovu, zile za kama mfuko wa nailoni. Akazivaa. Akakata nyama mbichi nazo. Akashika mfuko wa mkaa nazo, kwa mazoea. Simu ikalia akaishika nazo. Akarudi kwenye nyama.

"Zinapendeza," kijana akasema nyuma ya simu yake. "Safi sana."

Nami nikaona ni safi sana. Mpaka alipoinama kugeuza kijiti na kidole kimoja cha glovu kikajikunja chenyewe, kikanywea, kikanuka kama kandambili ile ya breki yangu. Akaruka, akaivua akiipiga kwenye sketi. Haikumuunguza sana, lakini muuza chipsi wa jirani, mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya Kibondo, alipiga kelele: "Jirani! Leo unauza mishkaki ya plastiki?"

"Njoo uonje ya bure, uniachie ulimi huo nichome!" mtoto wa kaka akamjibu, na akazitupa zote mbili kwenye pipa. Akanawa upya, kwa sabuni, mpaka juu ya kifundo. Mikono mitupu iliyonawa kwa mbichi, kisha kunawa tena, kisha koleo kwa iliyoiva. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote kabla hatujamletea usafi wa nailoni.

Sauti nayo ilitusumbua. Kila mafuta yalipodondoka, lori lilipita. Ikabidi kijana aache picha, achukue simu aisogeze karibu na jiko, wote tunyamaze, tungoje barabara inyamaze. Barabara ya Nyakanazi hainyamazi. Tulisimama kama watu wanaovizia panya. Likapita lori la saruji, likapita la ng'ombe, pikipiki yenye kuku, kisha pakawa na nafasi ndogo na mafuta yakadondoka, chwaa, safi, na kijana akakunja ngumi bila kusema neno. Kisha muuza chipsi akapiga chafya. Lakini ilikuwa imeshaingia.

Kufikia picha ya sahani mtoto wa kaka alikuwa amechoka kuambiwa "rudia." Akatoa mishkaki motoni akailaza kwenye sinia. Tukafurahi, tukadhani tumemaliza. Alipotazama kwenye simu akashtuka. "Hili sinia ndilo lililobeba nyama mbichi." Na kweli, damu kidogo ilikuwa pembeni. Sikuiona. Kijana hakuiona. Abiria wa basi, akiwa amekaa bila kazi, angeiona. Mishkaki ile ikarudi motoni ikageuka mkaa, wakaja kuila mbwa, na tukaanza upya kwa nyama nyingine na sahani iliyosuguliwa.

Mwisho, kuonja. Akapasua kipande, akakichukua kwa vidole, akakitia mdomoni, akalamba mafuta kwenye kidole gumba, akatabasamu kwenye simu kama bibi harusi, na kwa mkono huo huo akanyanyua mishkaki kumpa mteja. Nusura machozi yanitoke. Nikaona hapo ndipo penyewe.

Nikatia sauti. Maneno yangu yalikuwa yamekatwakatwa kama nyama, na kila kukatwa niliumia, lakini nilipoyasema mbele ya simu, ndani ya chumba cha nyumba ya wageni, kichwa changu kimefunikwa blanketi ili sauti isizunguke, nilisikia kwamba yalikuwa na uzito. Hivi: "Mbuzi wa leo. Mikono imenawa. Moto hauna haraka. Mpishi ameonja. Zamu yako." Kisha: "Nyakanazi, bati la buluu." Basi. Mtu wa maneno mengi kama mimi nikamaliza kabla jasho halijafika shingoni.

Kabla ya kumpelekea msimamizi, mtoto wa kaka akasema tuwaonyeshe watu kwanza. Jioni, malori yalipopanga foleni, akapita na simu. Dereva mmoja wa Rulenge, mtu wa kwetu, alitazama akasema, "Mama ameonja, mimi nakuja." Nikampiga kijana kiwiko. Kisha mtoto wa kaka akamwonyesha dereva wa Tanga na mwenzake. Walitazama wakitabasamu, mafuta yakawafanya wameze mate, nikaona koo. Ikafika kwenye kidole gumba.

"Aaa! Analamba!" akasema wa Tanga. "Anailamba halafu ananipa!"

"Anakula yako kwanza," mwenzake akasema. "Unanunua makombo."

Wakacheka, si kwa ubaya. Mtoto wa kaka akacheka nao, akarudi bandani, akakaa kwenye benchi na simu mapajani, akaitazama tena na tena. Mimi nilikuwa nikizunguka nikieleza, kuonja ni nini, asili yake, kibuyu na mrija, nani alimwekea nani sumu wakati wa utawala wa machifu.

"Baba mdogo," akasema, "huwezi kupanda basi ukawaeleza."

Kijana alisema la kuonja litoke, picha zinatosha. Mimi nikasema likitoka sauti yangu nayo itoke. Tulisimama hivyo, yeye anachezea ufunguo wa pikipiki, mimi ninachezea fimbo, na kesho yake ndiyo siku tuliyoahidiwa runinga.

Mtoto wa kaka aliingia ndani ya banda. Akatoka na kisahani kidogo na uma, vyake, anavyolia wali. Akanawa. Akashika koleo, akatoa kijiti kimoja motoni, akasukuma kipande kimoja kwenye kisahani, kijiti akakiweka mbali na vingine. Akachoma kipande kwa uma, akapuliza, akala, akaweka uma na kisahani pembeni. Akanawa tena. Kisha akachukua sahani safi, akapakua mishkaki nyingine kwa koleo, akaisukuma mbele. Hakutabasamu hata kidogo. Alitazama tu, kama anakuuliza unangoja nini.

"Rudia hivyo hivyo," kijana akasema, na alikuwa ameshainua simu. "Jua linazama, fanya haraka."

Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza. Kijana alikata kunawa kwa pili kukabaki maji tu na povu, kufumba na kufumbua. Dereva wa Tanga alipoonyeshwa alichungulia jiko. Aliuliza, "Ipo?"

Mimi nilipanda gari la usiku kwenda Ngara ili asubuhi nirudi na basi lile lile nione nyuso zenyewe. Nilikaa kiti cha nyuma. Sikulala, sikukaa vizuri, kila kijiji niliuliza tuko wapi wakati ninakijua. Runinga ilikuwa inaonyesha watu wanaopigana. Tulipoanza kukaribia njia panda, msimamizi akachomeka kitu, watu wanaopigana wakakatika.

Chwaaa.

Vichwa vikainuka. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akaacha kumtazama mtoto. Maji ya koki, povu, kawa, vidole, mafuta. Sauti yangu ikatoka juu ya vichwa vyao, ngeni kabisa, kama ya mtu mwenye busara. Mpishi ameonja. Mzee wa mbele akageuka kwa jirani yake akasema kwa Kihangaza, lugha ya kwetu, kitu ambacho sitakitafsiri vizuri, ni kama, huyu amelelewa. Zamu yako. Bati la buluu. Ikaisha. Na kijana mmoja akapiga kelele kutoka katikati: "Konda! Tunashuka hapo!"

"Dakika kumi," msimamizi akasema. "Nasema kumi. Honi ikilia, ninaondoka."

Tukashuka. Mtoto wa kaka alikuwa ameshapanga sahani, makaa yameiva, ndoo imejaa. Walikwenda moja kwa moja kwenye bati la buluu kama wameelekezwa na mtu. Wakapanga mstari. Nilimwona anajitahidi asicheke, mikono yake inakwenda, koleo, sahani, kachumbari, karibu, koleo.

Nami nikasema, "Karibuni, karibuni wageni."

Mama wa mtoto mchanga akageuka. "Ee! Si ndiye huyu wa kwenye runinga?"

Wakanizunguka. Walitaka nirudie. Nikarudia. Wakataka kujua kwa nini mpishi anaonja, nikasema, hilo ni jambo refu, lakini kwa kifupi. Na mnajua kifupi changu. Nilikuwa nimefika kwenye utawala wa machifu, wanacheka, wengine wameacha mstari, wengine wameshika pesa mkononi hawajaagiza, na mtoto wa kaka ananyanyua sahani iliyo tayari, anaita, "Nani hii? Nani hii jamani?" na hakuna anayegeuka. Nyama ikapoa. Nilimsikia akiita. Nilikuwa na sentensi mbili tu za kumalizia.

Honi ikalia.

Nusu ya watu walipanda hawajala. Mmoja alinipungia mkono, amefurahi, tumbo tupu. Msimamizi akaja kwa mwendo wake wa kuchelewa, akatazama sahani zilizobaki, akanitazama.

"Mama," akamwambia mtoto wa kaka, "nyama safi, video safi. Kesho ninasimama. Lakini huyu mzee akiwa hapa, dakika kumi zangu hazitoshi, na sisimami tena."

"Ni baba yangu mdogo," akasema.

"Najua. Nasema tu."

Akapanda, basi likaondoka. Mtoto wa kaka hakunigeukia. Alianza kurudisha mishkaki kwenye makaa, moja moja, kwa koleo, anaziweka pembeni pasipo na moto mkali ili zisikauke. Nilingoja aseme kitu. Ndipo akasema, bila kuinua kichwa, "Baba mdogo, umekula?"

"Nimekula," nikasema, na sikuwa nimekula.

Nikachukua fimbo yangu, nikavuka lami hadi upande wa magari ya Ngara, nikapanda la kwanza lililosimama. Sijarudi tena Nyakanazi.